Nyutro Ikikatika Nguzoni, Runinga Huungulia Sebuleni

Mafundi wa redio na runinga hujua kwamba mtaani kumeharibika jambo usiku kabla hata hawajaambiwa. Asubuhi wateja watatu wanne wa mtaa mmoja hufika dukani karibu kwa wakati mmoja. Huyu amebeba runinga, yule king'amuzi, mwingine chaja ya kompyuta. Simulizi yao ni moja: taa ziliwaka zikawa nyeupe kupita kawaida, kitu kikalia pa, harufu ya kuungua ikajaa sebuleni. Baadaye anatokea jirani ambaye kwake hakijaungua kitu, naye anasimulia kinyume chake. Kwake taa zilififia, na friji ikawa inanguruma tu bila kuwaka.

Wengi husema umeme "ulikuja mwingi". Fundi mzoefu akisikia habari hizo mbili pamoja, mwanga kuzidi nyumba hii na kufifia nyumba ile kwa dakika ileile, tayari ameshajua. Hakuna umeme uliokuja mwingi kutoka kituoni. Waya wa nyutro umeachia mahali fulani kati ya transfoma na nyumba hizo. Kwa maoni yangu hiki ndicho chanzo cha uharibifu ambacho kila mwenye nyumba angepaswa kukielewa kwanza, kwa sababu vingi tunavyovinunua kwa jina la vilinda umeme havikizuii.

Transfoma ya mtaani hutoa nyaya nne. Tatu ni za moto, mafundi huziita fezi, na wa nne ni nyutro. Ukipima kati ya fezi yoyote na nyutro unapata volti 230 kwa Tanzania. Kenya hutajwa 240. Ukipima fezi na fezi unapata kama volti 400. Nyumba ya kawaida huingiziwa fezi moja na nyutro. Jirani yako huenda yuko kwenye fezi nyingine kabisa, lakini nyutro mnayotumia ni moja, na ndiyo inayohakikisha kwamba kila nyumba inapata volti 230 zake bila kujali jirani amewasha nini.

Waya huo ukiachia, nyumba zile hazizimiki, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Umeme hutoka fezi ya kwanza, ukapita kwenye vifaa vya nyumba yako, ukafika kwenye nyutro isiyokwenda popote, kisha ukarudi kupitia vifaa vya jirani hadi fezi ya pili. Nyumba mbili zimegeuka kuwa vifaa viwili vilivyofuatana kwenye volti 400, na volti hizo zinagawanywa kulingana na ukinzani wa kila upande. Penye mzigo mkubwa volti huwa chache. Penye mzigo mdogo huwa nyingi.

Tufanye hesabu ya nyumba mbili kama hizo, tukichukulia kwamba kwenye fezi ya tatu hakuna aliyewasha kitu. Saa mbili usiku kila nyumba ina runinga na balbu chache, jumla wati 100. Nyutro inakatika. Kwa kuwa mizigo inalingana, kila nyumba inapata volti 200, nusu ya 400, na hakuna anayegundua lolote. Runinga inaonyesha, taa zinawaka. Saa mbili na nusu jirani anachomeka pasi ya wati 1000 ili anyooshe nguo za shule. Ukinzani wa nyumba yake sasa ni kama omu 50, wakati wa kwako bado ni kama omu 530. Gawanya volti 400 kwa uwiano huo: jirani anabaki na volti 34 hivi, pasi yake haipati moto, na wewe unapokea zaidi ya volti 360. Hesabu hii ni ya makadirio, maana runinga haina tabia ileile ya pasi, lakini picha yake ni ya kweli. Ndiyo maana mtu huapa kwamba kila kitu kilikuwa sawa hadi jirani alipowasha pasi, na haamini anapoambiwa kwamba jirani hana kosa.

Sababu za nyutro kuachia ni za kawaida sana. Kiungio nguzoni kimelegea. Waya wa alumini umeunganishwa na wa shaba bila kiungio maalumu ukaliwa na kutu. Tawi la mwembe limeulalia waya kila upepo unapovuma. Au mtu ameiba shaba. Miji ya pwani ina tatizo la ziada, kwa kuwa hewa ya chumvi hula viungio haraka. Mara nyingi waya hauachii kwa mkupuo mmoja. Kwa siku kadhaa hugusa na kuachia, na dalili yake unaweza kuiona ukiwa umekaa ndani: taa zako zinaongezeka mwanga pale kifaa kikubwa kinapowashwa. Taa kufifia kidogo pasi inapowashwa si ajabu. Taa kung'aa zaidi ni ishara ya hatari, na dawa yake ni kuzima meni swichi papo hapo, kisha kuripoti.

Ndani ya runinga volti 360 hupita njia inayojulikana. Tuchukue ya inchi 32, aina iliyojaa majumbani. Umeme ukiingia hukuta kwanza fyuzi, kisha kisahani cha rangi ya buluu au ya manjano, ukubwa wa kitufe cha shati, kiitwacho varista. Baada ya hapo hupita kwenye daiodi nne zinazougeuza kuwa umeme wa upande mmoja, na kuhifadhiwa kwenye kapasita kubwa kuliko zote kwenye bodi ile. Kapasita hufanya kazi ya tangi la maji la juu ya nyumba: huweka akiba, ili mtiririko wa chini usikatikekatike. Mbele yake kuna transista ya mosfeti inayokatakata umeme huo maelfu ya mara kwa sekunde na kuusukuma kwenye transfoma ndogo, na upande wa pili wa transfoma hutoka umeme mdogo, volti 12 kwa kawaida, unaokwenda kwenye bodi kuu yenye sauti na picha.

Volti 230 tunazozitaja ni wastani. Kilele cha wimbi lake ni 325, na kapasita hujaa hadi kilele hicho. Ndiyo maana wenye viwanda huweka kapasita iliyoandikwa 400V au 450V, ili ibaki nafasi. Volti 360 zikiingia, kilele chake kinapita 500. Kapasita ya 450 haiwezi kukibeba. Maji ya dawa yaliyomo yanachemka, kifuniko chake chenye alama ya msalaba kinatuna au kupasuka, na ule mlio wa pa unasikika. Mosfeti ikizidiwa hujishikiza yenyewe, na umeme hupita bila kizuizi hadi fyuzi ikatike.

Kama bahati ipo, varista huwahi. Kazi yake ni kukaa kimya wakati volti ni za kawaida na kufunguka zinapozidi, ikiumwaga umeme pembeni. Varista iliyoandikwa 14D471 huanza kufunguka kwenye kilele cha volti 470 hivi. Ila iliumbwa kwa dharuba za sehemu ndogo mno ya sekunde. Ikipewa volti 360 mfululizo inafunguka kila wimbi, inapata moto, inapasuka, na inapojishikiza huikata fyuzi. Ikifa hivyo, imefanya wema mkubwa: vyote vilivyo nyuma yake vinaweza kuwa vizima. Bahati mbaya, kwenye runinga nyingi za bei rahisi nafasi ya varista imechorwa kwenye bodi lakini kifaa chenyewe hakikuwekwa.

Hapa ndipo mteja husema, "Fundi, wewe nibadilishie fyuzi tu." Fyuzi ikiwa ya kioo, itazame kwanza. Uzi uliokatika taratibu na kioo kikabaki safi maana yake ilichoka au ilizidiwa kidogo. Kioo kilichopakwa weusi au rangi ya fedha kwa ndani maana yake umeme mkubwa sana ulipita ghafla, kwa hiyo kuna kitu kimejishikiza mbele yake, na fyuzi mpya itakufa sekunde ileile. Wapo wanaozungusha uzi wa waya badala ya fyuzi ili "iwake". Huko ni kuiandaa runinga iwe moto wa nyumba.

Fundi anayejua kazi huanza kwa kuikinga roho yake. Kapasita kubwa inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa, hivyo huipima, na ikiwa bado imeshiba huipunguza kwa kuigusisha na balbu au rezista kubwa, kamwe si kwa bisibisi. Ndipo hupima kwa mita kufuata njia ileile ya umeme: fyuzi, varista, daiodi nne, kapasita, mosfeti. Mosfeti ikikutwa imejishikiza, lazima apime pia rezista ndogo iliyo mguuni mwake, yenye ukinzani usiofika omu moja, kwa sababu huungua pamoja nayo. Aikague vilevile saketi ndogo iliyokuwa ikiiamuru. Fundi anayebadili mosfeti peke yake huisikia ikilia tena mara tu anapowasha, na hasara imekuwa mbili.

Akishaweka vipya, hachomeki moja kwa moja ukutani. Anafuatanisha runinga na balbu ya zamani ya uzi, wati 60 au 100. Balbu ikimulika mara moja kisha ikafifia, njia ni salama. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu bado kuna mshikizano, na balbu ndiyo iliyokunywa umeme ambao ungeviua vifaa vipya. Kisha anapima volti 12 upande wa pili kabla hajairudisha bodi kuu. Hatua hii nimeona ikirukwa na mafundi wenye haraka, nayo ndiyo inayolinda kilicho ghali zaidi ndani ya runinga.

Kwa uharibifu wa nyutro mara nyingi bodi kuu hukutwa nzima. Transfoma ndogo haiunganishi pande zake mbili kwa waya bali kwa sumaku, hivyo upande wa kwanza ukifa, umeme unaokwenda upande wa pili hukatika wenyewe. Vifaa vinavyobadilishwa ni vya bei ndogo ukilinganisha na runinga mpya, na kazi haimalizi siku. Ukiambiwa "bodi yote imekwenda" kabla fundi hajagusa mita, peleka kwa mwingine. Na ukichukua runinga yako, uliza kama varista imerudishwa na fyuzi ni ya ampea zilezile zilizoandikwa kwenye bodi, kwa mfano T3.15A. Kapasita mpya iwe ya volti 450, yenye ujazo uleule au unaozidi kidogo, iliyoandikwa 105°C, isiwe iliyochomolewa kwenye bodi kuukuu.

Radi huacha nyayo tofauti. Huja kwa muda mfupi mno, na mara nyingi haipiti plagi peke yake. Hupitia waya wa antena au wa dishi. Ukikuta pawasapulai ni nzima na volti 12 zipo, lakini tundu la antena au la kuunganishia king'amuzi limekufa na runinga haioni chochote, radi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Hapo kilichoungua ni saketi ndogo mno za bodi kuu, na kuzibadili kunahitaji vifaa ambavyo mafundi wachache wanavyo. Njia ya maana huwa ni kupata bodi nyingine yenye namba ileile kutoka kwenye runinga iliyovunjika kioo. Ikikosekana, runinga hiyo inafaa kuuzwa vipuri.

Sasa tuone kwa nini vilinzi vingi havisaidii nyutro inapokatika. Sakiti breka ya ukutani hutazama wingi wa mkondo, haitazami volti. Nyumba yenye volti 360 na mzigo mdogo haitumii mkondo wa kuishtua breka, kwa hiyo breka itakaa imewashwa hadi mwisho. Ekstensheni iliyoandikwa kwamba inazuia dharuba ya umeme ina varista ndani, ileile ya kwenye runinga. Inafaa kwa dharuba fupi, kama zile zinazokuja umeme unaporudi baada ya kukatika au mashine kubwa ya jirani inapozimwa. Kwa volti 360 za dakika kumi itaungua, na zile mbovu huyeyuka na kushika moto. Taa yake ndogo ya ulinzi ikizimika, ujue varista ilishakufa na umebaki na ekstensheni tupu.

Kifaa kinachofaa ni kile kinachopima volti na kukata umeme kwa swichi ya ndani. Wauzaji wengi hukiita gadi, ya friji au ya runinga. Volti zikishuka chini ya 185 hivi au zikipanda kupita 260 hivi, hukata, na haziporudi sawa husubiri kabla ya kuwasha. Kwa anayeweza, ipo ya kufungwa kwenye boksi la breka, ya ampea 40 au 63, inayolinda nyumba nzima na yenye kioo kidogo kinachoonyesha volti. Isifungwe na asiye fundi umeme. Swali moja muhimu la kumuuliza muuzaji: chenyewe kinavumilia volti 400? Gadi inayoungua kwa volti 360 inaweza kujishikiza ikiwa imewasha, na ulinzi wote ukawa bure. Kama karatasi yake haisemi lolote kuhusu hilo, mimi nisingeinunua.

Stebilaiza ni habari nyingine. Huinua volti zinaposhuka na kuzishusha zinapopanda kiasi, na kwa mtaa wenye umeme mdogo kila jioni ni msaada wa kweli. Lakini nyingi zina mwisho kwenye volti 260 hivi, na zikizidi hapo usalama wako unategemea kama imewekewa swichi ya kukata. Isiyo nayo huungua transfoma yake, pengine pamoja na ulichoichomekea.

Friji inastahili gadi kabla ya runinga, na sababu yake ni umeme mdogo zaidi kuliko mwingi. Runinga na chaja nyingi za leo hufanya kazi tangu volti 100 hadi 240, hivyo umeme mdogo hauziumizi. Mota ya friji ikipata volti 150 inashindwa kuzunguka, inabaki imekwama huku ikivuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, na nyaya zake zinapata moto. Utaisikia ikinguruma, kisha tik, inanyamaza, dakika chache baadaye inajaribu tena. Ichomoe. Hata umeme unapokatika na kurudi ndani ya sekunde chache ni hatari, kwa sababu presha ya gesi haijashuka na mota inalazimika kuanza ikiwa imeelemewa. Ndiyo maana gadi ya friji husubiri dakika kadhaa. Nyaya za ndani ya kompresa zikishaungua hakuna kutengeneza, kuna kubadili kompresa tu, na kwa friji ndogo iliyotumika miaka mingi gharama hiyo mara nyingi hailipi.

Dhidi ya radi, hakuna gadi ya mezani ninayoiamini kuliko plagi iliyochomolewa na waya wa antena uliotolewa. Vipo vizuia dharuba vya kufungwa kwenye boksi la breka, lakini kazi yake ni kuumwaga umeme ardhini, na nyumba nyingi zina waya wa ethi ulioishia kwenye fimbo fupi iliyochomekwa kwenye mchanga mkavu, au fimbo iliyokwishaibwa. Bila ethi nzuri, kizuia dharuba hicho hakina pa kuumwaga.

Kwa vitu vidogo, pima kabla ya kutupa. Kisanduku cha intaneti kilichozimika mara nyingi kimepoteza adapta tu. Soma volti zilizoandikwa, tafuta adapta ya volti zilezile na ampea zilezile au zaidi, na hakikisha mpangilio wa chanya na hasi kwenye pini unafanana. Chaja ya simu ya bei rahisi iliyoungua usiitengeneze. Ukuta wa ndani unaoitenga simu na umeme wa ukutani ukishaungua, hauaminiki tena.

Kama uharibifu umetoka nguzoni, usimpelekee fundi kwanza. Zima meni swichi, toa taarifa kwa shirika la umeme, na uchukue namba ya taarifa hiyo. Andika saa, namba ya mita, na majirani walioathirika, kwa sababu nyumba tatu zilizoungulia saa moja ni ushahidi mzito kuliko malalamiko ya nyumba moja. Piga picha runinga kabla haijafunguliwa. Fundi akiifungua, mwombe maelezo ya maandishi ya alichokikuta na akurudishie vifaa vilivyopasuka. Tanzania, asiyeridhika na majibu ya shirika anaweza kupeleka lalamiko EWURA. Kenya ni EPRA. Kapasita iliyotuna na varista iliyopasuka, vikiwekwa kwenye bahasha pamoja na picha na namba ya taarifa, humwonyesha mkaguzi kwamba volti zilizidi, jambo ambalo runinga iliyokwishatengenezwa haiwezi tena kulionyesha.